Kiatu cha shule: kinachokwisha kwanza ni soli au nafasi ya kidole?

Mpima_Nyayo · #1

Wakuu, kila shule zikikaribia kufunguliwa swali ni lile lile: kampuni gani ina viatu vigumu? Mimi naona swali limekaa upande. Kiatu cha mtoto anayekua kina vifo viwili. Kuna siku soli itatoboka au kubanduka, na kuna siku kidole gumba kitagusa mbele. Siku inayotangulia kati ya hizo mbili ndiyo mwisho wa kiatu, na bei uliyolipa inagawanywa kwa miezi ya kufikia siku hiyo tu. Ile iliyobaki haikufaidishi kitu, isipokuwa kuna mdogo wake anayesubiri kurithi.

Miezi ya mguu inahesabika. Mtoto wa miaka sita hadi kumi, mguu wake huongezeka kama milimita 1 kwa mwezi. Haurefuki kila mwezi sawasawa. Unaweza kulala miezi mitatu kisha uruke. Walio chini ya miaka mitatu wanakwenda kasi zaidi, karibu milimita moja na nusu. Kiatu kipya kinatakiwa kiwe na nafasi ya milimita 12 hadi 15 mbele ya kidole kirefu, na kikibaki na 6 hivi kimekwisha, kwa sababu mguu husogea mbele ndani ya kiatu kila hatua na hizo 6 ndizo zinazoliwa na mwendo. Kwa hiyo ukianza na 14 unapata miezi minane, na ukianza na 10 unapata minne hata kama soli ni ya chuma.

Sasa kampuni. Tulinganisheni kwa kipimo hicho, si kwa jina.

---

MamaWatatu · #2

Mbona rahisi tu. Nunua saizi mbili mbele, jaza pamba puani, mtoto avae mwaka mzima na nusu. Gharama kwa mwezi inashuka yenyewe. Mimi wangu wote watatu nimewavalisha hivyo.

---

FundiSindano · #3

Mama, hesabu yako ya nafasi ni sahihi, ila umesahau kiatu kinapojikunja. Mguu hukunjika kwenye mstari wa chini ya vidole, pale penye upana mkubwa kuliko pote. Kiatu nacho kimetengenezwa kikunjike mahali hapo hapo, soli imepunguzwa unene au imechongwa mifereji. Ukimpa mtoto saizi mbili mbele, mstari wa mguu unarudi nyuma ya mstari wa kiatu kwa zaidi ya nusu sentimita, na kiatu kinalazimika kukunjika sehemu ngumu.

Viatu hivyo vikiletwa mezani kwangu huwa nimeshajua kabla ya kuuliza. Mkunjo wa ngozi uko nyuma mno, karibu na kamba, na umeshaanza kupasuka pembeni. Pua imelambwa na ardhi kwa sababu mtoto anaburuta. Bitana ya kisigino imetoboka maana kisigino kinapanda na kushuka. Kiatu cha miezi kumi kimekufa kwa mitano. Na pamba inabana vidole vile vile, tofauti ni kwamba inabana kwa ulaini.

Saizi moja ni milimita 6.7 kwa namba za Ulaya, zile za 30, 31, 32. Kwa namba za Uingereza ni karibu 8.5, ndiyo maana wana nusu saizi. Kuongeza saizi mbili za Ulaya ni kuongeza milimita 13 juu ya nafasi ambayo tayari ilikuwemo.

---

Mwl_Hesabu · #4

Swali kabla hatujaenda mbali: hizo milimita 12 tunazipataje dukani? Muuzaji anabonyeza pua kwa kidole gumba, anasema "hapa pako sawa", basi.

---

Mpima_Nyayo · #5

Kubonyeza pua kuna hitilafu mbili. Mtoto akiona unabonyeza, anakunja vidole bila kujua, nawe unahisi nafasi ambayo haipo. Pili, viatu vingi vya shule vina kofia ngumu puani. Hapo unachobonyeza ni kofia.

Njia ya kuaminika ni kipande cha kadibodi. Jioni, mguu ukiwa umeshafura kidogo kwa kutwa nzima, msimamishe mtoto pekupeku juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, uzito miguu yote miwili. Weka alama mbele ya kidole kirefu, ambacho si lazima kiwe gumba. Pima kwa rula kutoka ukutani. Pima miguu yote miwili na uchukue mrefu. Kisha kata ukanda wa kadibodi wenye upana wa kama sentimita mbili, urefu wake uwe mguu pamoja na milimita 12. Nenda nao dukani, ulaze ndani ya kiatu mpaka uguse kisigino na pua. Ukijikunja, kiatu ni kifupi. Ukicheza mbele na nyuma zaidi ya milimita tano hivi, ni kirefu mno.

Ukanda huu ndio unaofichua jambo ambalo namba iliyopigwa chini ya soli haisemi. Viatu viwili vya namba 33 kutoka kampuni mbili vinaweza kutofautiana kwa milimita tano ndani. Kwa mtoto anayeongezeka moja kwa mwezi, hiyo ni miezi mitano ya kuvaa iliyopotea au kupatikana kabla hujaangalia ngozi wala mshono.

---

BabaPacha · #6

Samahani kuingilia, nina swali la viatu vya mpira wa miguu. Mapacha wangu wanavaa namba moja lakini mmoja anamaliza vya kwake mapema sana. Ninunue vyenye meno ya plastiki au ya chuma?

---

Mpima_Nyayo · #7

Baba, hapa ni viatu vya darasani, vya mpira vina uzi wake. Ila la mapacha linatufaa. Kama mguu ni mmoja na kiatu ni kimoja, basi tofauti iko kwenye mwendo. Vigeuze vyote viwili uangalie soli. Yule anayemaliza mapema atakuwa amekula sehemu moja tu, mara nyingi pua kwa sababu anasimamisha baiskeli kwa mguu, au ukingo wa nje wa kisigino. Huyo hahitaji kiatu ghali kote, anahitaji kile ambacho soli imepanda juu na kufunika pua.

---

FundiSindano · #8

Niseme la kampuni sasa, kwa upande wa jinsi soli inavyoshikwa, maana hapo ndipo viatu vingi vya shule hufia.

Aina ya kwanza ni ya gundi tupu. Ngozi imebandikwa juu ya soli, basi. Ukiona mshono wa mapambo umezunguka ukingo, usidanganyike: chungulia ndani chini ya soli laini ya ndani, kama hakuna uzi uliotokeza, mshono ule ni urembo. Kinaanza kufunguka pale pa mkunjo, upande wa nje. Bonyeza pua chini kwa nguvu ukitazama ukingo wa soli pembeni. Ukiona mstari mweusi unafunguka hata kwa upana wa ukucha, kiache.

Ya pili ni ya kumiminwa. Kiatu kinawekwa kwenye kalibu na soli inamiminwa ikiwa ya moto, ikashikana na ngozi. Ecco wanajulikana kwa njia hii kwa kutumia poliuretani. Haina mstari wa gundi wa kufunguka, ni nyepesi, inadunda vizuri. Ubaya wake uko mbili. Ikilika, fundi wa kawaida hana la kufanya, huwezi kuing'oa ukaweka nyingine kirahisi. Na poliuretani huozeshwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini. Ukinunua leo kwa sababu ya punguzo ili mtoto avae miaka minne baadaye, unaweza kukitoa kikiwa kizuri kwa macho, siku ya tatu soli inavunjika vipande kama keki.

Ya tatu ni ya kushonwa kweli, uzi unapita soli na ngozi. Nzito, ghali, na kwa mtoto mara nyingi inazidi mahitaji, maana mguu utakimbia kabla uzi haujalika.

---

Nuru_Duka · #9

Niko upande wa kuuza viatu, naongezea la upana maana hakuna aliyeligusa.

Clarks na Start-Rite, viatu vyao vingi vya watoto huja kwa upana kadhaa kwa urefu ule ule, na nusu saizi. Kwa Clarks, F ni wa kawaida, G mpana, H mpana zaidi, E mwembamba. Kampuni nyingi nyingine zinatoa upana mmoja tu kwa kila namba. Hii inaingia moja kwa moja kwenye gharama. Mtoto mwenye mguu mpana akikosa upana wake, mzazi anapanda namba ili apate nafasi pembeni, na hapo anarudi kwenye tatizo la Mama pale juu: kiatu kirefu, mkunjo umekosea mahali, kinakufa mapema. Kwa mtoto huyo kiatu ghali cha upana sahihi kinaweza kuwa cha bei ndogo kwa mwezi. Kwa mtoto wa mguu wa kawaida unalipia huduma ambayo haitumii.

Ila herufi hizo si kipimo cha dunia nzima. G ya kampuni moja si G ya nyingine. Na jina kubwa halimaanishi kalibu moja: Bata, kwa mfano, ina viwanda nchi nyingi na aina nyingi za viatu vya shule chini ya jina moja. Ukiambiwa na ndugu wa mbali "chukua Bata vinadumu", muulize jina la aina na soli ya nini.

Kutambua upana dukani: toa soli laini ya ndani kama inatoka, mtoto asimame juu yake. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya ukingo kwenye mstari wa vidole, kiatu ni chembamba. Kisha avae na atembee dakika kumi, vua, tazama upande wa kidole kidogo. Wekundu unaobaki zaidi ya dakika chache ni jibu.

---

Mwl_Hesabu · #10

Sawa, niweke pamoja ili tuone. Sitaki bei za mahali popote, nachukua mafungu: kiatu cha chini kabisa ni 10, na vingine vinalingana na hicho. Mtoto ana mguu wa milimita 201, anaongezeka 1 kwa mwezi, tunaacha kiatu nafasi ikibaki 6.

Kiatu cha kwanza, bei 10, gundi tupu. Ndani kina 214, kwa hiyo nafasi ni 13 na mguu unatupa miezi 7. Lakini soli inafunguka mwezi wa 4. Gawa 10 kwa 4, ni 2.5 kwa mwezi.

Cha pili, bei 18, soli ya kumiminwa na ngozi ya kweli. Ndani 215, nafasi 14, mguu miezi 8. Soli ingefika 10. Kinachokwisha kwanza ni mguu. 18 kwa 8 ni 2.25.

Cha tatu, bei 32, kimeshonwa, upana maalumu. Ndani 214, mguu miezi 7, soli ingefika 18. 32 kwa 7 ni karibu 4.6. Miezi kumi na moja ya soli inabaki bila mguu.

Yaani cha kati kinashinda, cha chini kinafuata kwa karibu, na cha juu kinakaribia mara mbili.

---

MamaWatatu · #11

Cha tatu akirithi mdogo wake je? Miezi saba mingine inaongezeka, 32 kwa 14. Hiyo ni kama 2.3. Mmeona? Wenye watoto wengi tuna hesabu yetu.

---

Mwl_Hesabu · #12

Kweli Mama, hiyo inakiweka sawa na cha kati. Masharti ni kwamba mdogo afike saizi hiyo kiatu kikiwa bado kizima, na kama soli ni ya poliuretani kisikae kabatini miaka.

---

Nuru_Duka · #13

Na kwamba miguu yao ifanane. Soli laini ya ndani imeshachimbika kwa vidole vya mkubwa, na ukuta wa kisigino umeshalala upande aliozoea. Kuna wanaosema ubadili soli laini basi mambo yamekwisha. Mimi naona kama kisigino kimelika upande mmoja, ukiweka kiatu mezani kikainama kama kibanda cha zamani, usimrithishe mtu. Kikiwa kimesimama wima, hapo tunaweza kuzungumza.

---

FundiSindano · #14

Mwalimu, hesabu yako umeiacha njiani. Kile cha 10 hakikufa mwezi wa nne, kimefunguka tu. Tuseme fundi anashona soli kuizunguka kwa bei ya 2. Mguu bado una miezi mitatu. Jumla 12 kwa miezi 7, ni 1.7. Kimeshinda vyote. Na ukikipeleka kushonwa siku ile ile ya kununua, kabla mchanga na maji havijaingia kati ya ngozi na soli, mshono unakaa vizuri zaidi kuliko ukisubiri kifunguke.

Lakini si kila cha bei ya chini kinashoneka. Soli iwe ya mpira, ukingo wake uwe na unene wa kushika uzi, kama milimita nne au tano. Bonyeza ukucha: mpira unarudi taratibu na hauachi alama. Soli ya sponji nyepesi inaacha alama ya ukucha, na uzi utaikata kama waya unavyokata sabuni. Plastiki ngumu inayong'aa nayo hupasuka kufuata matundu ya sindano, na inateleza sakafu ikilowa.

Cha juu yake ni ngozi. Ngozi bandia ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Ikianza kubambuka kwenye mkunjo hakuna rangi ya viatu wala uzi wa kuirudisha. Tazama ukingo uliokatwa, mahali kamba zinapopita au kwenye ulimi. Ngozi inaonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana. Bandia inaonyesha tabaka mbili safi kama mkate uliopakwa siagi. Kuna ya tatu inayodanganya: ngozi ya chini, yenye nyuzi kweli, juu imepakwa plastiki nene. Hiyo ukiikunja kwa vidole mikunjo inatoka mikubwa michache, wakati ngozi ya juu inatoa mikunjo midogo midogo mingi.

---

BabaPacha · #15

Hapo kwenye soli: nitajuaje kitafika miezi mingapi wakati ndio nanunua? Mwalimu ameandika 4, 10, 18 kama vile vimeandikwa kwenye boksi.

---

Mpima_Nyayo · #16

Swali zuri, na ndipo hesabu hizi huharibika. Dukani unakisia tu. Kinachosaidia ni kiatu kinachokwisha sasa. Siku ya kununua andika tarehe kwa kalamu chini ya soli laini ya ndani. Chukua kijiti cha kibiriti, kisimamishe ndani ya mfereji wa soli pale penye kulika zaidi, weka alama, pima. Tuseme ni milimita 4. Baada ya miezi miwili rudia. Ikiwa 3, mtoto huyu kwenye soli ya aina hii anakula nusu milimita kwa mwezi, na mifereji itaisha mwezi wa nane. Namba hiyo ni ya mtoto wako na njia anayopita, hakuna kampuni itakayokupa. Mwezi wa nane ukilingana na miezi ya mguu, umepata kiatu chako, usitafute kigumu zaidi.

Kwa mapacha pima wote wawili. Utashangaa, unaweza kuishia kuwanunulia viatu vya bei tofauti.

---

MamaWatatu · #17

Nyie mnahesabu miezi ya kalenda. Likizo je? Mtoto havai.

---

Mpima_Nyayo · #18

Mama umegusa pazuri. Likizo soli inapumzika, mguu haupumziki. Kiatu cha miezi 8 kikinunuliwa mwanzoni mwa likizo ya miezi miwili, kitavaliwa miezi 6 tu. Ile 2.25 ya Mwalimu inakuwa 3. Pima na ununue wiki ya mwisho kabla ya kufungua, na upime tena siku hiyo hata kama ulipima majuzi. Nafasi iliyobaki iangalie kila baada ya miezi miwili kwa ukanda mpya: ukate kwa urefu wa mguu uliopimwa upya ukiongeza 6, kisha uone kama bado unaingia.

---

Nuru_Duka · #19

Velkro au kamba? Watu huniuliza kila siku. Kamba hubana vizuri mguu mwembamba, na ikikatika inabadilishwa bila kitu. Velkro ya bei ndogo hujaa nyuzi na vumbi ikaacha kushika kabla soli haijafika nusu, ingawa sindano au kichanuo kinaweza kuisafisha. Mkanda wake ukiwa mfupi, mtoto mwenye mguu ulioinuka juu hatafunga kabisa: hakikisha angalau nusu ya ile sehemu yenye manyoya inafunikwa.

---

FundiSindano · #20

Velkro mimi nabadilisha, ni kazi ya dakika chache, kwa hiyo sikikatai kiatu kwa sababu hiyo. Ninachokataa ni kukausha viatu vilivyolowa kando ya moto au juu ya bati la jua kali. Gundi inalegea, ngozi inakauka ikapasuka. Toa soli laini, jaza karatasi kavu, badilisha karatasi baada ya saa moja au mbili, acha kivulini penye upepo.

---

MamaWatatu · #21

Haya, nimekata ukanda. Wa kwanza nafasi imebaki 4, wa pili 9, wa tatu 22 maana ndiyo ile saizi mbili mbele. Huyo wa tatu nifanyeje, viatu bado vipya?

---

FundiSindano · #22

Kama soli inakunjika kwa urahisi, weka soli laini nyingine ya kujaza kimo, funga kamba vizuri, pamba itoe. Kisigino kikiendelea kupanda akitembea, viweke kando kama miezi minane, nafasi irudi 14, kisha avae. Ila niambie kwanza chini ni mpira au poliuretani.